Kijiko Kimoja, Milango Mitatu: Glutamini, HMB na Karnitini Hufika Wapi Zikishamezwa?

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wanamazoezi, makocha na wazazi. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha, maneno yamebaki.

Ndugu zangu wanamazoezi, makocha, na ninyi wazazi mliowasindikiza vijana wenu: asanteni kwa kuja.

Nianze na ombi dogo. Fikirieni kijiko cha plastiki, kile kinachofukiwa ndani ya kopo la unga. Mmekichimbua, mmekijaza, mmekoroga na maji, mmekunywa. Sasa niulize: unga ule umekwenda wapi?

Wengi tunajibu upesi: umekwenda kwenye msuli. Lebo imesema hivyo, na picha ya mkono uliovimba kwenye kopo inasema hivyo. Lakini kati ya mdomo na msuli kuna safari, na safari hiyo ina milango mitatu. Mlango wa kwanza ni utumbo na ini. Mlango wa pili ni ukuta wa msuli wenyewe. Mlango wa tatu ndio unaosahaulika kuliko yote: ukishaingia ndani ya msuli, je, kuna kazi inayokungoja, au kazi hiyo tayari imeshafanywa na chakula?

Leo nitawachukulia unga wa aina tatu: glutamini, karnitini na HMB. Nimeichagua hii mitatu kwa sababu kila mmoja hukwama kwenye mlango wake. Mkielewa inakokwama, kopo lolote jipya litakaloletwa kesho mtajua pa kuligonga. Swali letu leo ni moja, nami nitalirudia mpaka mchoke: imefika wapi?

Tuanze na glutamini.

Glutamini ni asidi amino, yaani tofali moja kati ya matofali yanayojenga protini. Katika damu na katika msuli ndiyo asidi amino huru iliyo nyingi kuliko zote. Mwili hauisubiri kutoka nje. Unaitengeneza wenyewe, makumi ya gramu kila siku, na sehemu kubwa inatengenezwa ndani ya msuli huohuo tunaotaka kuulisha. Juu ya hapo, kila mlo wenye nyama, mayai, maziwa au nafaka una glutamini ndani yake.

Basi ilipataje sifa? Kwa njia ya heshima kabisa. Wataalamu wanaokuza seli kwenye vyombo vya maabara waligundua tangu miaka ya 1950 kwamba seli nyingi hazikui bila glutamini. Baadaye ikaonekana kwamba mtu akikimbia mbio ndefu sana, au akijichosha kwa mazoezi wiki baada ya wiki, kiwango cha glutamini katika damu yake hushuka, na watu wa namna hiyo pia huugua mafua mara kwa mara. Ukiviweka viwili hivyo pamoja, hitimisho linajileta lenyewe: glutamini imeshuka, kinga imeshuka, basi rudisha glutamini na kinga itarudi.

Likapimwa. Watafiti wa Denmark waliwapa wanariadha glutamini wakati wa mazoezi marefu na baada yake. Kiwango katika damu hakikushuka tena, kilishikiliwa vizuri. Na kinga? Chembe za kinga zilibadilika vilevile kama kwa wale ambao hawakupewa. Angalieni vizuri hapo. Namba ya kwenye damu ilinyooshwa, lakini shida yenyewe haikuguswa. Kushuka kwa glutamini kulikuwa kunatembea pamoja na uchovu, hakukuwa chanzo chake.

Na msuli je? Imefika wapi? Utumbo wenyewe ni mlaji mkubwa wa glutamini. Seli zinazouzungushia ukuta wake huitumia kama kuni. Ini nalo linachukua fungu lake. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya glutamini uliyomeza huishia hapo, kabla hata haijaingia kwenye mzunguko mkuu wa damu. Mlango wa kwanza umeshaifunga njia.

Mtu anaweza kusema: basi tuongeze dozi mpaka ibaki ya kutosha kuvuka. Hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 2001 ilitoka kazi ya Kanada iliyowachukua vijana 31, wanaume kwa wanawake, wakanyanyua vyuma kwa wiki 6. Kundi moja lilipewa glutamini gramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito usio wa mafuta, kila siku. Piga hesabu: mtu mwenye kilo 50 za namna hiyo anakunywa gramu 45 kwa siku. Kijiko cha kawaida kinabeba gramu 5, kwa hiyo hivyo ni vijiko 9! Kundi la pili lilipewa unga wa wanga usio na kitu. Mwisho wa wiki 6, makundi yote mawili yalikuwa na nguvu zaidi na msuli zaidi, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Vyuma vilifanya kazi. Vijiko 9 havikuongeza kitu.

Sasa msikie jambo hili bila kulichanganya. Sisemi glutamini haina kazi duniani. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha glutamini kama dawa kwa wagonjwa wa selimundu, kwa dozi zinazopimwa kulingana na uzito wa mgonjwa, na katika jaribio lake waliotumia walipata vipindi vya maumivu vichache kidogo: wastani wa kati ulikuwa vipindi 3 badala ya 4 katika wiki 48. Hilo ni la daktari na mgonjwa wake. Na msidhani kwamba kwa kuwa ni kitu cha asili mwilini basi hakina madhara. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa kwa wagonjwa mahututi zaidi ya 1,200 ambao viungo vyao vilikuwa vimeanza kushindwa kazi. Waliopewa glutamini kwa dozi kubwa walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Madaktari walianza kwa nia ileile ya wanamazoezi: glutamini imeshuka, basi rudisha. Mwili mgonjwa haukukubaliana na hesabu hiyo.

Kabla hatujaiacha, kuna sehemu moja ambako glutamini huwagusa hata wasioinunua. Ni ndani ya makopo ya protini. Maabara nyingi hupima protini kwa kuhesabu naitrojeni, kisha wanazidisha kwa 6.25. Ni njia ya zamani na kwa chakula cha kawaida inafaa. Lakini glutamini tupu ina naitrojeni nyingi kuliko protini ya kawaida: karibu asilimia 19 ya uzito wake. Zidisha 19 kwa 6.25 na utaona gramu 1 ya glutamini inasomeka kama gramu 1.2 ya protini. Mtengenezaji asiye mwaminifu akichanganya gramu 5 za glutamini kwenye kijiko, kipimo kitaandika gramu 6 za protini. Kijiko kinachodai gramu 25 kinakuwa na protini kamili gramu 19 tu. Utajuaje? Soma orodha ya viambato. Kopo la protini ya maziwa likiwa na glutamini, glisini au taurini zimeongezwa pembeni, na halikuandika protini imetoka gramu ngapi kwenye maziwa na gramu ngapi kwenye hizo nyongeza, liache rafuni.

Twende kwenye karnitini, ile inayouzwa kwa jina la kuchoma mafuta.

Hii hadithi yake ni nzuri, na lazima niwe mkweli kwamba sayansi yake ni ya kweli. Karnitini iligunduliwa mwaka 1905 ndani ya nyama, na jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la nyama. Kazi yake ni ya mtumbwi. Ndani ya seli kuna mitokondria, yale majiko madogo yanayounguza mafuta, na mafuta yenye mnyororo mrefu hayawezi kuvuka ukuta wake wa ndani peke yake. Yanapakiwa kwenye karnitini, yanavushwa, yanateremshwa, na mtumbwi unarudi kupakia tena. Bila karnitini mafuta hayaungui. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu ya kurithi inayowakosesha karnitini, na kwao kuipata kama dawa ni suala la uhai.

Basi muuzaji anasema: kama mtumbwi mmoja unavusha, mitumbwi mingi itavusha zaidi. Mnaona kasoro? Nyie mnaoijua mito mnaiona. Mitumbwi ikijaa ukingoni na abiria ni walewale, hakuna anayevuka zaidi. Kiasi cha mafuta unachounguza kinaamuliwa na nguvu mwili unayohitaji na chakula ulichokula. Mtumbwi haumwiti abiria.

Lakini hata hilo tuliweke pembeni, tuulize swali letu. Imefika wapi?

Karnitini iliyo katika nyama hupenya vizuri utumboni. Ile ya kopo, kwa dozi za gramu 1 mpaka 6, huingia asilimia 5 mpaka 18 tu. Ukimeza gramu 2, inayoingia ni kati ya gramu 0.1 na gramu 0.36. Inayobaki inashuka kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huigeuza kuwa gesi yenye harufu ya samaki, na ini huibadilisha tena kuwa kitu kinachoitwa TMAO, ambacho watafiti wa moyo wanakitazama kwa wasiwasi. Mtu anayekunywa gramu 3 kwa siku akianza kunuka samaki jashoni, au tumbo likamchafuka, asishangae. Hiyo ndiyo karnitini isiyofika.

Na ile chache iliyofika kwenye damu? Inakutana na mlango wa pili, ukuta wa msuli, na hapa ndipo palipo na jaribio ninalolipenda kuliko yote ya leo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliamua kuuruka utumbo kabisa. Waliwawekea watu karnitini moja kwa moja kwenye mshipa, kwa saa 5, mpaka damu yao ikawa na karnitini karibu mara 10 ya kawaida. Kisha wakachota kipande kidogo cha msuli wa paja na kupima. Msuli ulikuwa umepokea nini? Hakuna. Damu imefurika, msuli uko vilevile. Sababu ni kwamba msuli tayari una karnitini karibu mara 100 ya ile iliyo kwenye damu, na kipitishio chake kinafanya kazi karibu na kikomo chake tangu asubuhi kabla hujafungua kopo.

Hawakuishia hapo. Walirudia, safari hii wakiwa wameipandisha insulini juu kwa makusudi. Msuli ukafungua mlango kidogo na karnitini ikapanda kwa asilimia 13 hivi. Kumbe ufunguo upo! Basi wakauliza: mtu wa kawaida, asiye na sindano, ataipandishaje insulini kiasi hicho? Kwa sukari. Katika kazi yao ya mwaka 2011, wanamichezo 14 walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliokuwa kwenye kundi la karnitini walikunywa gramu 2 pamoja na gramu 80 za wanga, mara mbili kwa siku. Baada ya wiki hizo 24 karnitini ya msuli ilikuwa imepanda kwa asilimia 21, na walifanya kazi zaidi kwenye baiskeli ya kupimia.

Kwa hiyo inawezekana. Nalisema wazi, inawezekana. Lakini tazameni gharama yake mwilini. Gramu 80 mara mbili ni gramu 160 za wanga kwa siku, yaani kilokalori 640, kila siku, kwa karibu miezi 6. Aliyenunua karnitini apunguze tumbo ataelezwa kwamba masharti ya kuifikisha kwenye msuli ni kunywa sukari kiasi hicho juu ya chakula chake? Lebo haisemi. Anaimeza na maji matupu kabla ya mazoezi, tumbo likiwa wazi, insulini ikiwa chini, na mlango ukiwa umefungwa. Maelekezo ya kwenye kopo yanamweka mahali pabaya kabisa.

Mtanikumbusha kwamba tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha watu wakipungua uzito kwa karnitini. Ni kweli. Wastani ni kilo 1 na kitu hivi zaidi ya waliopewa unga bandia, ule usio na kitu ndani yake, na wengi wa waliopimwa walikuwa watu wenye uzito mkubwa, si wanamazoezi waliokonda. Kilo 1 na kitu. Na ukikuta karnitini inayokuchangamsha na kukutoa jasho ndani ya nusu saa, geuza kopo usome; mara nyingi utaikuta kafeini. Karnitini haichangamshi.

Sasa HMB. Hapa nawaomba makocha wanisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu HMB hailali utumboni wala haikwami ukutani. Imefika wapi? Imefika. Na bado.

HMB ni masalia ya lusini. Lusini ni asidi amino iliyo kwenye protini zote nzuri, nayo ndiyo inayoupigia msuli kengele ya kuanza kujenga. Mwili ukiivunja lusini, karibu asilimia 5 yake hugeuka kuwa HMB. Dozi inayopendekezwa ya HMB ni gramu 3 kwa siku, kwa kawaida gramu 1 mara tatu. Kuipata gramu 3 kutoka kwenye lusini ungehitaji lusini gramu 60, kiasi ambacho hakuna anayekula. Hoja ya muuzaji imesimama hapo: chakula hakiwezi kukupa hiki. Hoja ina nguvu. Ila inaruka swali moja: je, unakihitaji, ukiwa lusini yenyewe unaila?

Utafiti wa kwanza uliotia watu hamu ulitoka mwaka 1996. Wanaume 41 ambao hawakuwa na mazoea ya vyuma walifanyishwa mazoezi kwa wiki 3, na waliopewa HMB waliongeza msuli kidogo zaidi na misuli yao ilionyesha dalili chache za kuumia. Kumbukeni: wasio na mazoea, wiki 3. Mtu mpya kwenye vyuma anaumia sana wiki za mwanzo, na inawezekana kabisa kitu kinachopunguza kuumia kikamsaidia hapo.

Kisha mwaka 2014 ikaja kazi iliyoitikisa jimu kila mahali. Wanaume 20 waliokwisha kuzoea vyuma, wiki 12, HMB ya aina ya asidi huru, gramu 3 kwa siku. Kundi la unga bandia liliongeza kilo 2.1 za uzito usio wa mafuta. Kundi la HMB liliongeza kilo 7.4.

Tusimame hapo kidogo, maana namba hii ni somo tosha. Kilo 7.4 ndani ya wiki 12, kwa watu waliokwisha kuzoea. Tuilinganishe na nini? Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya jaribio maarufu ambamo wanaume walidungwa testosteroni miligramu 600 kila wiki kwa wiki 10, kiasi kikubwa kupita cha tiba, huku wakinyanyua vyuma. Hao waliongeza kilo 6.1. Mmeona? Tunaambiwa unga unaouzwa dukani umewashinda waliodungwa testosteroni. Namba inapokuwa nzuri kiasi hicho, kazi yako ni kuuliza imepatikanaje, na wataalamu wengi waliuliza kwa maandishi, wakionyesha pia kwamba tofauti kati ya mtu na mtu ndani ya kundi ilikuwa kubwa kiasi gani kwa kundi dogo namna hiyo.

Jibu la kweli kwa namba ya ajabu ni kurudia jaribio. Likarudiwa. Mwaka 2019 vijana 26 waliozoea vyuma walifundishwa kwa wiki 12. Wote walikunywa protini ya maziwa gramu 25 mara mbili kwa siku. Nusu waliongezewa HMB gramu 1.5 kila mara, nusu waliongezewa lusini kiasi hichohicho. Msuli uliongezeka kwa wote, nguvu ziliongezeka kwa wote, na HMB haikumpita mwenzake. Mwaka huohuo kundi jingine lilijaribu HMB ya asidi huru na ile ya kalisiamu kwa wanaume 40, wiki 8, dhidi ya unga bandia. Hapakuwa na tofauti. Kilo 7.4 hazikuonekana tena.

Kwa nini, wakati HMB ilifika? Kwa sababu ya mlango wa tatu. HMB inabonyeza kengele ileile inayobonyezwa na lusini. Ukishakula mlo wenye protini ya kutosha, kengele imelia, mafundi wameamka, wako kazini. Kubonyeza mara ya pili hakumwongezi fundi hata mmoja.

Na hapohapo mtaelewa ni nani HMB inaweza kumfaa. Ni yule ambaye kengele yake hailii vizuri: mzee aliyelazwa, asiyetembea, anayekula kidogo. Kuna jaribio la mwaka 2013 ambamo wazee wenye afya walilala kitandani siku 10 mfululizo. Wasiopewa HMB walipoteza karibu kilo 2 za uzito usio wa mafuta. Waliopewa gramu 3 kwa siku walipoteza sehemu ndogo sana. Lilikuwa kundi dogo, watu wasiofika 20, lakini ni matokeo ya kutilia maanani. Mzazi mwenye mzee anayesubiri upasuaji wa nyonga ana sababu ya kumuuliza daktari kuhusu HMB. Kijana wa miaka 22 anayekula vizuri hana.

Vipi BCAA? Nitapita haraka. Ni lusini, isolusini na valini, asidi amino 3 kati ya 9 ambazo lazima zitoke kwenye chakula. Kengele inalia, mafundi wanakuja, lakini aina 6 za matofali hazipo eneo la ujenzi. Mwaka 2017 ilipimwa: gramu 5.6 za BCAA baada ya mazoezi zilipandisha ujenzi wa msuli kwa asilimia 22. Si bure. Lakini kijiko kimoja cha protini ya maziwa chenye gramu 25 kina BCAA kiasi hichohicho, pamoja na matofali yaliyobaki, na mwitikio wake ni mkubwa zaidi.

Sasa tuchukue kopo la mfano tulisome pamoja. Limeandikwa mbele: mchanganyiko maalumu, gramu 6 kwa kijiko. Nyuma, ndani ya mchanganyiko, vimetajwa vitu vinne bila kiasi: glutamini, BCAA, HMB, karnitini. Mtasema hatuwezi kujua kila kimoja ni kiasi gani. Tunaweza kukikadiria! Kwa kawaida viambato huandikwa kwa uzito, kikubwa kwanza. HMB ni ya tatu. Kitu cha tatu hakiwezi kuwa kizito kuliko cha pili wala cha kwanza, kwa hiyo hata vikilingana vyote vitatu na karnitini iwe vumbi tu, HMB haizidi gramu 2. Karnitini ni ya nne, kwa hiyo haizidi gramu 1.5. Na glutamini, iliyo rahisi kutengeneza kuliko HMB, inaweza kuwa gramu 4 au 5 peke yake. Kopo linalojivunia HMB haliwezi, kwa hesabu yake lenyewe, kukupa gramu 3 zilizotumika kwenye tafiti.

Na mwenye kopo hilo ni nani? Tumchukue kijana wa kilo 70 anayenyanyua vyuma mara 4 kwa wiki. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya majaribio 49 ulionyesha kwamba faida ya protini kwenye msuli huendelea mpaka kiasi cha gramu 1.6 kwa kilo ya uzito kwa siku, kisha inakuwa bapa. Kwake ni gramu 112. Tuseme chakula chake, kikihesabiwa kwa uaminifu siku 3 mfululizo, kinampa gramu 80. Amepungukiwa gramu 32. Hiyo ndiyo shimo lake, na iko wazi. Kijiko cha gramu 6 hakiwezi kuliziba. Mayai 4 yanampa kama gramu 24, glasi ya maziwa inaongeza 8. Imeisha. Kama ratiba haimruhusu kula, kijiko kimoja na zaidi kidogo cha protini ya maziwa kinafanya kazi hiyohiyo.

Je, hakuna unga unaovuka milango yote mitatu? Upo, na ndiyo maana siwezi kusema kila kopo ni bure. Ni kreatini monohaidreti. Utumbo unaipitisha karibu yote. Msuli unaipokea: hilo lilionyeshwa mwaka 1992 kwa kuchota vipande vya msuli kabla na baada. Na ndani ya msuli kuna kazi inayoingoja, maana inarudisha nishati ya mnyanyuo mfupi na mzito, na chakula cha kawaida hakijazi ghala lake mpaka juu. Gramu 3 mpaka 5 kwa siku, saa yoyote, zinatosha. Ghala hujaa ndani ya wiki 3 au 4. Uzito utapanda kilo 1 au 2 mwanzoni, na hayo ni maji ndani ya msuli. Nunua monohaidreti tupu, kiambato kimoja kwenye orodha. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Nisisahau jambo la usafi, hasa kwa wanaoshindana na kupimwa dawa. Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne ilichunguza makopo 634 kutoka nchi 13. Makopo 94, karibu asilimia 15, yalikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Mwanariadha hupewa adhabu kwa kilichokutwa mkojoni, hata kama lebo ilinyamaza. Kila kopo unaloongeza ni nafasi nyingine ya jambo hilo, kwa hiyo anayeshindana achague yale tu yaliyopimwa na maabara huru, na alinganishe namba ya toleo iliyo kwenye kopo na ile iliyopimwa.

Mmeniuliza wengi mlangoni kuhusu makopo mliyokwisha kuyafungua. Glutamini, mtu mzima mwenye afya anaweza kuimaliza bila hofu, asinunue nyingine. HMB vivyo hivyo. Karnitini ina masharti: mwenye kifafa aiache leo, kwa sababu inaweza kuongeza degedege, anayetumia warifarini ya kuzuia damu kuganda asiimeze bila daktari wake kujua, kwa sababu inaweza kuiongezea nguvu dawa hiyo na kumfanya avuje damu. Na kama unaamini unga wako unakusaidia, chukua daftari. Andika uzito wa chuma na idadi ya marudio kwa wiki 4 ukiutumia, kisha wiki 4 bila, chakula na usingizi vikiwa vilevile. Soma namba ulizoandika kabla hujaenda dukani.